Nini kimewekwa, nini kinasubiriwa? Kuchagua kati ya binomia na jiometri

Hotuba kwa wanafunzi wa takwimu wa mwaka wa kwanza na walimu wao, Mombasa. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika.

Assalaam aleikum. Hamjambo nyote? Walimu wenzangu, wanafunzi, na wazazi mliokuja kuwasindikiza watoto wenu, karibuni. Walioko nyuma, sogeeni mbele, viti vipo.

Leo nina jambo moja tu, na nitalizungukia mpaka lieleweke. Unaposoma swali la maneno lenye majaribio, lenye kufaulu na kukosa, utajuaje kama ni swali la binomia au ni swali la jiometri?

Nasema nitalizungukia kwa sababu karatasi za mitihani nimezisahihisha nyingi, na kinachowaponza wanafunzi hapa si hesabu. Kanuni wanazijua. Wamezihifadhi zote mbili, herufi kwa herufi. Mwanafunzi anaandika p, anaandika q, anapandisha vipeo vizuri, anafika kwenye jibu safi lenye desimali nne. Lakini ni jibu la swali ambalo hakuulizwa. Mimi mtu wa namna hiyo huniuma kumnyima alama, maana kazi ameifanya. Alichokosa ni dakika moja ya kusoma kabla ya kushika kalamu.

Tuanze na yanayofanana, kwa sababu huko ndiko mtego ulikotegwa. Binomia na jiometri zote zimejengwa juu ya jaribio la aina moja, lile linaloitwa jaribio la Bernoulli, kwa jina la Jacob Bernoulli, mwanahisabati wa Basel huko Uswisi. Alifariki mwaka 1705, na kazi yake kubwa kuhusu uwezekano ikachapishwa mwaka 1713, miaka minane baadaye. Jaribio hilo lina masharti matatu. Kila mara matokeo ni mawili tu, unafaulu au unakosa. Uwezekano wa kufaulu, tunaouita p, haubadiliki kutoka jaribio moja hadi jingine. Na jaribio moja halina habari na jaribio jingine: lililotokea sasa hivi halilisukumi lijalo wala halilizuii.

Mnaona basi? Ukisoma swali ukaona "kuna kufaulu na kukosa, kuna p", hujajua kitu bado. Binomia inayo hayo. Jiometri inayo hayo hayo. Tofauti iko kwingine kabisa, na ndiyo maana nataka mniulize, na mjiulize, kila mara: nini kimewekwa kabla ya kazi kuanza, na nini kimeachiwa bahati?

Twende Likoni. Nyote mmevuka pale. Ukishuka kuelekea feri, unawakuta vijana chini ya miavuli wanauza laini za simu. Kijana anakusimamisha: "Dada, laini! Ndugu, tukusajilie laini!" Wengi wanapita bila kugeuka, maana feri imeshapiga honi. Mmojammoja anasimama. Tuseme kwa ajili ya hesabu yetu kwamba kila anayesemeshwa ana uwezekano wa 0.2 wa kununua, na uwezekano wa 0.8 wa kukataa. Tuseme pia kwamba watu hawa hawajuani, kila mtu anaamua lake.

Jumatatu, mwenye kazi anamwambia kijana: "Leo semesha watu 5, si zaidi na si pungufu. Ukimaliza, niambie wamenunua wangapi." Jumanne anamwambia jambo jingine: "Leo semesha watu mmoja baada ya mwingine. Ukiuza laini ya kwanza, funga mwavuli uende nyumbani. Kesho niambie ulisemesha watu wangapi."

Kijana ni yule yule. Watu ni wale wale wa feri. Uwezekano ni ule ule, 0.2. Lakini nini kimewekwa Jumatatu? Idadi ya majaribio, watu 5. Nini kinasubiriwa? Idadi ya waliofaulu. Hiyo ni binomia. Na Jumanne nini kimewekwa? Idadi ya kufaulu, laini moja. Nini kinasubiriwa? Idadi ya majaribio. Hiyo ni jiometri. Kilichokuwa kimefungwa Jumatatu kimefunguliwa Jumanne, na kilichokuwa wazi kimefungwa.

Sasa sikilizeni maswali mawili, na mtazame yanavyokaribiana. La Jumatatu: kuna uwezekano gani kwamba katika watu 5, mmoja tu atanunua? La Jumanne: kuna uwezekano gani kwamba mnunuzi wa kwanza atakuwa mtu wa 5?

Katika maswali yote mawili kuna watu 5. Katika yote mawili kuna mnunuzi mmoja na wakataaji wanne. Mwanafunzi mwenye haraka atasema, basi ni mamoja. Je, ni mamoja?

Chukueni daftari. Andikeni N kwa anayenunua na K kwa anayekataa, kisha muorodheshe siku ya Jumatatu kwa kila namna inavyoweza kwenda ikiwa mnunuzi ni mmoja:

NKKKK
KNKKK
KKNKK
KKKNK
KKKKN

Ziko tano. Kila mstari una uwezekano wa 0.2 × 0.8 × 0.8 × 0.8 × 0.8, mpangilio wowote ule, yaani 0.08192. Jumatatu mistari yote mitano inakubalika, kwa sababu mwenye kazi hakujali nani alinunua, wa kwanza au wa tatu. Alitaka idadi. Basi 5 × 0.08192 ni 0.4096.

Na Jumanne? Utazameni mstari wa kwanza, NKKKK. Unaweza kutokea Jumanne? Hauwezi! Mtu wa kwanza akinunua, kijana amekwisha kufunga mwavuli. Wale wakataaji wanne hakuwaona. Mstari wa pili je? Hauwezi pia, ameondoka baada ya mtu wa pili. Unabaki mstari mmoja tu, wa mwisho, KKKKN. Jibu la Jumanne ni 0.08192.

Kwa hiyo majibu yanapishana mara tano kamili. Ile 5 mnayoiona ndani ya kanuni ya binomia ndiyo hesabu ya mistari hii. Tuiandike, n ikiwa idadi ya majaribio na q ikiwa uwezekano wa kukosa, yaani 1 − p:

Binomia: P(X = k) = C(n, k) p^k q^(n−k)

Jiometri: P(X = k) = q^(k−1) p

Ile C(n, k) haikuwekwa pale kama pambo. Inahesabu mipangilio. Katika jiometri haipo kwa sababu mpangilio ni mmoja tu: wote wanaotangulia wamekosa, wa mwisho amefaulu. Mkijua hivyo hamtahitaji kukumbuka kanuni ipi ina C na ipi haina. Mtajiuliza, je, hapa kufaulu kunaweza kuangukia popote, au pamelazimishwa pawe mwisho?

Kuna njia nyingine ya kujikagua, na hii ninaipenda kwa sababu haihitaji hesabu yoyote. Uliza hivi: jibu dogo kabisa linaloweza kutokea ni lipi, na kubwa kabisa ni lipi? Jumatatu kijana anaweza kurudi na jibu la 0, hakuna aliyenunua. Lakini hawezi kurudi na jibu la 6, kwa sababu alisemesha watu 5 tu. Jumanne hawezi kurudi na 0, maana lazima awe amesemesha mtu angalau mmoja. Lakini anaweza kurudi na 6, na 20, na 43. Hakuna dari. Basi ukisoma swali, jaribu kuweka 0 katika jibu. Kisha jaribu kuweka namba kubwa ajabu. Sifuri ikikaa na dari ikiwepo, elekea binomia. Sifuri ikikataa na dari isiwepo, elekea jiometri.

Hapo wapo watakaosema, mwalimu, mbona sisi tulifundishwa kutafuta maneno? Tukiona "kwanza" ni jiometri, tukiona "kati ya" ni binomia. Ndugu zangu, naomba muiache njia hiyo leo, hapa hapa ukumbini. Haifai. Sikilizeni swali hili: "Kati ya wateja 10 wa kwanza, kuna uwezekano gani kwamba 3 watanunua?" Neno "kwanza" lipo. Ni jiometri? Si jiometri! Wateja 10 wamewekwa, wanunuzi wanahesabiwa. Ni binomia tupu. Na hili: "Kijana anaendelea kuwasemesha watu wanaoshuka kwenye feri mpaka apate mnunuzi. Kuna uwezekano gani kwamba atahitaji watu zaidi ya 10?" Hakuna neno "kwanza" popote, lakini ni jiometri. Mtihani wa kweli huandikwa na mtu anayejua kwamba mmehifadhi maneno. Yeye hubadilisha maneno tu. Kinachowekwa na kinachosubiriwa hawezi kukibadilisha bila kubadilisha swali lenyewe.

Kuna pia maswali ya "angalau". Haya yanastahili tuyakalie, kwa sababu hapo ndipo binomia na jiometri zinapokutana, na mwanafunzi anaweza kupita njia yoyote akafika.

Nani hapa hajacheza ludo? Nipunguzieni aibu, nyote mmecheza. Kwenye baraza za Mji wa Kale, alasiri, utawakuta watoto na wakubwa wamelizunguka bao la ludo. Kete zako zote nne ziko nyumbani, na huwezi kuzitoa mpaka dadu litoe sita. Unatupa, tatu. Zamu inazunguka. Unatupa, moja. Wenzako wanazidi kwenda, wewe bado umekaa. Swali: kuna uwezekano gani kwamba utapata sita angalau mara moja katika kutupa mara 4?

Njia ya binomia: mitupo 4 imewekwa. "Angalau mara moja" ni kinyume cha "hakuna hata mara moja". Uwezekano wa kutopata sita katika mtupo mmoja ni 5/6. Mara nne mfululizo ni (5/6)^4, yaani 625/1296. Toa hiyo kwenye 1, unabaki na 671/1296, ambayo ni takriban 0.518.

Njia ya jiometri: nasubiri sita ya kwanza. Kuna uwezekano gani kwamba itakuja katika mtupo wa 4 au kabla yake? Nakokotoa kwanza uwezekano wa kusubiri zaidi ya mitupo 4. Kusubiri zaidi ya 4 maana yake nini? Maana yake mitupo yote 4 ya mwanzo imekosa. Ni (5/6)^4 ile ile! Nikiitoa kwenye 1, napata 0.518 ile ile.

Mmeona? Kusema "nimesubiri zaidi ya mara n" na kusema "katika mara n sikufaulu hata moja" ni kusema tukio lile lile. Njia zote mbili zinaishia kwenye q^n. Kwa hiyo ukikutana na "angalau mara moja", usihangaike kuuliza mtahini alikusudia ipi. Lakini tahadhari: daraja hilo lipo kwa mara moja tu. "Angalau mara mbili" katika mitupo 4 haina njia ya mkato ya jiometri. Hapo ni binomia, utoe uwezekano wa 0 na uwezekano wa 1.

Swali hili la sita katika mitupo 4 lina historia. Katika karne ya 17 huko Ufaransa, mheshimiwa mmoja, Chevalier de Méré, alilileta kwa Blaise Pascal, na Pascal akaligusia katika barua kwa Pierre de Fermat mwaka 1654. De Méré alijua kwamba kwa dadu moja mitupo 4 inatosha kukupa nafasi zaidi ya nusu. Akafikiri hivi: dadu moja lina pande 6 na mitupo inayotosha ni 4, dadu mbili zina matokeo 36, ambayo ni mara sita ya 6, basi mitupo 24, ambayo ni mara sita ya 4, itatosha kupata sita mbili kwa pamoja. Hoja hiyo ukiisikia inavutia, sivyo? Lakini kokotoeni: 1 − (35/36)^24 ni takriban 0.491. Haifiki nusu! Inahitaji mitupo 25 kuvuka nusu. Uwiano wa moja kwa moja haufanyi kazi hapa kwa sababu uwezekano wa kukosa unazidishwa, haujumlishwi.

Na kabla hatujaliacha bao la ludo. Watu husema, "Sita huja mara moja katika sita, basi nitasubiri mitupo sita." Wastani wa kusubiri katika jiometri ni 1/p, na kwa dadu ni 6, ni kweli. Lakini tumeona sasa hivi kwamba katika mitupo 4 tayari zaidi ya nusu ya watu wameshatoa kete. Inakuwaje nusu wawe wametoka kwa 4 na wastani uwe 6? Kwa sababu wapo wachache wanaosubiri mitupo 15, mitupo 20, na hao wanauvuta wastani juu. Ukimaliza mitupo 6 yote bila sita, umeangukia kundi la watu 33 hivi katika kila 100. Si mkosi. Ni jambo la kawaida kabisa. Na mtupo wako wa 7 una uwezekano ule ule wa 1/6, kwa sababu dadu halikumbuki ulivyoteseka.

Nipitie haraka jambo moja linaloharibu majibu ya watu wanaotumia kompyuta. Vitabu vingine huhesabu katika jiometri idadi ya majaribio mpaka kufaulu, kuanzia 1. Vingine huhesabu idadi ya kukosa kabla ya kufaulu, kuanzia 0. Vyote viko sawa, mradi ujue uko kwenye kipi. Programu ya R huhesabu kukosa. Kijana wetu wa Likoni akiuza kwa mtu wa 5, amekosa mara 4, kwa hiyo unaandika hivi:

```
dbinom(1, 5, 0.2)   # 0.4096
dgeom(4, 0.2)       # 0.08192
```

Ukiandika dgeom(5, 0.2) utapata jibu la mtu wa 6, na kompyuta haitakuonya.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo walimu wengi huliruka, nami sitaki tuliruke: je, ukishagundua nini kimewekwa na nini kinasubiriwa, umemaliza? Hujamaliza. Rudi kwenye masharti matatu ya Bernoulli.

Mama mmoja anaoka keki Kisauni. Ana trei ya mayai 30, na ndani yake, tuseme, 6 ni mabovu, yeye hajui yapi. Ana bakuli la maji mbele yake. Anachukua yai, analitia majini. Likilala chini analitumia, likielea analiweka kando. Halafu jingine. Kuna uwezekano gani kwamba yai bovu la kwanza litakuwa la 5?

Mwanafunzi anasoma: 6 kati ya 30 ni 0.2. Linasubiriwa bovu la kwanza. Basi jiometri, jibu 0.08192. Nini kimeharibika? Mayai hayarudi kwenye trei! Yai la kwanza likiwa zima, yamebaki 29, na mabovu bado ni 6. Uwezekano umepanda kutoka 6/30 hadi 6/29. Kila yai zima linalotoka linaongeza uwezekano kwamba lijalo ni bovu. Sharti la tatu limevunjika. Hesabu sahihi ni hii: 24/30 × 23/29 × 22/28 × 21/27 × 6/26, na inakupa takriban 0.0895. Tena, ile dari ambayo jiometri haina, hapa ipo: mazima ni 24, kwa hiyo bovu la kwanza haliwezi kupita yai la 25.

Binomia nayo inavunjika hapo hapo. Ukiuliza mabovu mangapi katika mayai 5 ya trei hiyo, si binomia, kwa sababu ile ile. Lakini kama mama angekuwa anachukua mayai 5 kutoka lori zima lenye maelfu, kuondoa yai moja kusingebadilisha kitu cha maana, na tungetumia 0.2 bila wasiwasi. Kwa hiyo ukisoma "kutoka trei", "kutoka sanduku", "kutoka mkoba", simama uulize: kinarudishwa? Na kama hakirudishwi, je, vilivyomo ni vichache kiasi cha kuhisi upungufu?

Vipo pia vikwazo vya kufunga kazi. Turudi Likoni. Mwenye kazi anasema: "Semesha mpaka uuze laini moja, lakini ukifika watu 10 bila kuuza, acha." Hiyo si jiometri kamili, kwa sababu dari imewekwa. Kwa watu 1 hadi 9 kanuni ya jiometri inafanya kazi kama kawaida. Lakini siku inaweza kwisha bila mnunuzi, kwa uwezekano wa 0.8^10, takriban 0.107, na wastani wa watu anaowasemesha hauwi tena 5 bali kama 4.5. Na akiambiwa auze laini tatu ndipo aondoke, basi kuuza ya tatu kwa mtu wa 10 kunahitaji zote mbili, kusubiri na kuhesabu: mtu wa 10 lazima anunue, na katika wale 9 waliotangulia wanunuzi wawe 2 popote walipo. Mipangilio ya wale 2 ni C(9, 2), yaani 36. Jibu ni 36 × 0.2^3 × 0.8^7, takriban 0.060.

Namalizia na hili, na nawaomba hasa mnaotarajia kufanya kazi ya takwimu mlisikilize, kwa sababu hapa mkichanganya binomia na jiometri hampotezi alama. Mnatoa ripoti ya uongo na hamjui.

Tuseme mwenye kazi ana vijana 100 mjini, Likoni, Kongowea, Mwembe Tayari, Changamwe. Kila mmoja ameambiwa asemeshe watu mpaka auze laini moja, kisha aondoke. Jioni kila kijana anaandika asilimia yake. Aliyeuza kwa mtu wa kwanza anaandika 100. Aliyeuza kwa wa pili anaandika 50. Kwa wa tatu, 33. Mwenye kazi anachukua asilimia hizo 100, anazijumlisha, anagawanya kwa 100. Anataka kujua p. Atapata nini?

Uwezekano wa kweli ni 0.2, kwa hiyo kama vijana 20 watauza kwa mtu wa kwanza kabisa. Hao 20 peke yao, kwa 100 zao, tayari wameupa wastani pointi 20. Kama 16 watauza kwa mtu wa pili. Hao wanaongeza pointi 8. Tumefika 28, na bado kuna vijana 64 hatujawagusa. Ukiendelea mpaka mwisho, wastani unakaribia 40. Mwenye kazi atatangaza kwamba watu 40 katika 100 wananunua laini, wakati wanaonunua ni 20. Ameudanganya mji bila kudhamiria.

Kosa liko wapi? Kila kijana alisimama pale tu alipofaulu. Asilimia ya mtu aliyewekewa idadi ya majaribio, kama yule wa Jumatatu, ukiichukulia wastani inakupa p bila upendeleo. Asilimia ya mtu aliyesubiri kufaulu haikupi, kwa sababu kusimama kwake kumefungamana na kufaulu kwake. Namba zimeandikwa kwa sura ile ile, moja kwa tano, moja kwa mbili, lakini zimezaliwa tofauti.

Dawa yake ni nyepesi. Usichukue wastani wa asilimia. Jumlisha laini zote zilizouzwa: vijana 100, laini 100. Jumlisha watu wote waliosemeshwa: wastani ni 5 kwa kila kijana, kwa hiyo kama watu 500. Gawanya 100 kwa 500, na 0.2 yako hiyo inarudi. Kwa hiyo ukipewa takwimu za namna hii kazini, kabla ya kufungua kompyuta, mtafute aliyewatuma wale vijana umuulize aliwaambia waache lini.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Mwenye swali anyooshe mkono, na alisome swali lenyewe neno kwa neno, asinisimulie.